Gudiwili ya Kaduka: Unalipia Miezi Ngapi?

Ukitembea Pipe, Umoja ama Zimma jioni, masaa ya watu kutoka mboka, hutamaliza mtaa kabla hujaona karatasi imebandikwa kwa grili ya duka fulani: inauzwa na stoki yake, piga hii namba. Chini yake utapata sababu imeandikwa fupi, mwenyewe anaenda majuu ama mwenyewe anarudi ocha. Na kuna yut mwenye husimama hapo nje ameshika simu, akipiga hesabu kwa kichwa. Ako na doo kidogo ya chama ama ya Sacco, amechoka kuandikwa, na swali lenye linamkosesha usingizi ni moja tu: nichukue hii yenye imeshasimama, ama nitafute chumba tupu nianze yangu na mkate wa kwanza?

Nimeona wasee wengi wakijibu hilo swali na roho. Mwenye anaogopa kuanza ananunua, mwenye anaona gudiwili ni ukora anaanza. Hakuna mwenye amekaa chini akauliza zile doo zinanunua nini. Na hapo ndio mambo yote iko, juu bei ya duka huwa ni vitu tatu zimefungwa pamoja. Kuna stoki, yani bidhaa kwa shelfu. Kuna vyombo: friji, mizani, shelfu zenyewe, grili. Halafu kuna gudiwili, na hiyo huwezi shika na mkono. Stoki unaweza pata holseli yoyote. Vyombo unaweza pata kwa fundi wa jua kali. Gudiwili ndio pekee huwezi enda kununua kwingine, na kitu inakupea ni miezi. Inakurukisha ile miezi ya kwanza yenye duka mpya hukaa ikingoja watu waizoee. Sasa kama ni miezi unanunua, lazima ujue ni mingapi, na mmoja ni how mach kwa pesa.

Wacha nikupee stori ya beshte yangu, dem wa Pipe mwenye alikuwa amefanya kazi ya hoteli miaka kadhaa tao. Aliona duka chini ya flati, karibu na steji, renti thao 8 kwa mwezi. Mwenyewe ni mzae mpole wa makamo, anadai 180,000 na anaapa kuna watu wengine wawili wanakuja kuiona Jumamosi. (Hao watu wawili huwa wako kila duka inauzwa. Usiwahi fanya haraka juu yao.) Dem akamwambia, "Mzae, nisaidie uivunje hiyo bei, nijue nini ni nini." Mzae akasita kidogo halafu akaivunja: stoki 70, vyombo 35, gudiwili 75. Hiyo tu, kuuliza bei ivunjwe, tayari ilibadilisha bonga yote. Sasa kila kitu inaweza kaguliwa peke yake.

Akaanza na mauzo, juu gudiwili inasimama juu ya mauzo. Mzae alisema siku ya kawaida anaokota thao 10. Si lazima msee akuwe mwongo ndio aseme hivo. Mtu mwenye amekaa kwa duka miaka mingi hukumbuka zile siku zilikuwa moto, na akisema kawaida anamaanisha siku nzuri. Kwa hivyo dem hakubishana na yeye. Alimuomba tu akae na yeye kwa kaunta, asubuhi kabla ya mboka na jioni akitoka, na siku ya ofu akae kutwa. Mzae akakubali bila shida, na hiyo yenyewe ni ishara kubwa. Muuzaji akikataa kabisa ukae kwa kaunta yake, we ondoka.

Kitu ya kuchanuka ni tarehe za kukaa. Ukienda tarehe 2 ama 3, mtaa wote umelipwa na kila duka inakaa dhahabu. Ukienda tarehe 22 peke yake utadhani mtaa umekufa. Dem alianza wiki ya mwisho ya mwezi akavuka mpaka wiki ya kwanza ya mwezi mwingine, akaona zote mbili. Kama duka iko karibu na shule, ongeza swali lingine: kalenda. Mwezi wa nne, wa nane, halafu kutoka mwezi wa kumi na moja mpaka mwaka mpya, wanafunzi hawako, lakini renti iko. Duka inauzwa mwezi wa kumi na nje kuna shule ya bweni, elewa huyo muuzaji anakimbia nini.

Halafu kuna mkate. Kama huna kitu ingine ya kutumia kupima duka ya mtaa, tumia mkate. Hakuna mtu hununua mkate wa wiki mbili. Kila siku saplaya anashusha, kesho yake anachukua zenye zimebaki, na anajua vizuri kuliko mwenye duka ni ngapi zinaisha. Dem aliamka mapema, akapata yule jamaa wa mkate akishusha kabla ya saa kumi na mbili, akamnunulia chai. Jamaa akamwambia wazi: "Kitambo nilikuwa namwachia arobaini na zinaisha. Sa hii ni ishirini na tano, na bado kuna zenye narudi nazo."

Hapo ndio kulikuwa na stori. Kitu gani ilikula mikate kumi na tano kila siku? Mzae alikuwa amesema anauza juu anataka kupumzika ocha. Yule mathe wa mboga wa hapo nje alikuwa na jibu lingine, na hakulificha hata kidogo. Kulikuwa na holseli kubwa imefunguliwa barabara ya nyuma, inauza unga, sukari na mkate kwa bei ya chini, na inafungwa saa tatu usiku. Mzae hakudanganya kuhusu ocha. Alikuwa anaenda kweli. Lakini alikuwa anaenda juu ya hiyo holseli. Kila duka inauzwa iko na sababu mbili, ile ya kwa karatasi na ile majirani wanajua, na hiyo ya pili utaipata kwa mama mboga, kwa keateka, kwa msee wa boda wa hapo kona, na kwa kinyozi. Wabongeshe wote, na usiwaambie bei.

Simu pia inaongea. Mzae alikuwa anapokea doo kwa Pochi la Biashara, akafungua meseji akamwonyesha. Kwa kaduka ka mtaa, malipo ya ukweli huwa ni madogo na figa zao hazijanyooka: 35, 70, 110, 65. Ukiona namba moja inarudi rudi na figa nzima, 2,000, 2,000, 3,000, mtu anazungusha doo yake mwenyewe ndio duka ikae inachangamka. Za mzae zilikuwa safi, ila zilikuwa kidogo. Akijumlisha za simu na za keshi zenye aliona kwa kaunta, wastani ilikuja karibu thao 6 kwa siku. Si 10. Lakini thao 6 ya ukweli ni biashara, na sasa alikuwa na figa ya kufanyia kazi.

Kabla tufike kwa hesabu, kuna kitu moja inaweza ua kila kitu, na ni hii: ile nafasi si ya muuzaji. Mzae alikuwa mpangaji. Anaweza kuuzia wewe mchele wake na friji yake, lakini hawezi kuuzia wewe chumba cha landlodi. Nimejua watu walilipa gudiwili, wakaingia, halafu mwisho wa mwezi landlodi akaja akawauliza nyinyi ni kina nani. Ama anasema poa, endeleeni, ila renti sa hii ni thao 14. Kwa hivyo kabla hata ya kuangalia stoki, enda uone landlodi ama ejenti wake na macho yako. Muulize mambo mbili: kama muuzaji ako na deni ya renti, na kama atakukubali kama mpangaji wake kwa renti ile ile. Halafu hakikisha risiti ya kwanza ya renti inatoka na jina lako.

Hiyo risiti si karatasi ya bure. Kenya tuko na sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301. Kama upangaji wako haujaandikwa, ama umeandikwa lakini ni wa miaka isiyozidi mitano, sheria inakulinda. Landlodi hawezi kukutoa ama kupandisha renti na mdomo tu. Lazima akupe notisi ya maandishi, si chini ya miezi miwili, na ukipinga, mnaenda kwa mahakama maalum ya renti za majengo ya biashara. Sasa chunga: hiyo ulinzi ni ya mpangaji. Kama unalipa renti kupitia mzae, na risiti zinaendelea kuandikwa jina lake, wewe kwa macho ya hiyo sheria hujulikani. Umelipia gudiwili ya mahali penye huna haki ya kukaa.

Na kama ni kioski ya mabati kando ya barabara, mambo ni magumu zaidi. Hapo hakuna landlodi wa kubonga na yeye. Unapata tu msee mwenye alitangulia kujenga, kwa ardhi ya barabara, ya reli, ama ya mto. Hawa wauzaji hudai gudiwili kubwa kabisa, juu watu wanapita hapo kutwa. Lakini kitu ako nayo ya kuuza ni mabati na mbao. Mwaka wa 2024 baada ya mafuriko, serikali iliamuru watu watoke mita 30 kutoka kingo za mito Nairobi, na huko Mathare vibanda na keja zilibomolewa, mwenye alinunua jana na mwenye alijenga zamani wote sawa. Angalia ukuta kama kuna alama ya X nyekundu. Angalia kama kuna nguzo za mpaka wa barabara na kioski iko upande gani. Kama iko upande wa barabara, mi maoni yangu ni moja: lipia mabati bei ya mabati, lipia stoki, na gudiwili uache kabisa. Hakuna mtu anaweza kukuuzia miezi mahali penye haijulikani kama mwezi ujao utakuwa hapo.

Duka ya dem ilikuwa chini ya flati, landlodi alionekana, na keateka akathibitisha mzae hana deni ya renti. Stima ilikuwa na mita yake pekee, si ya kugawana na jirani. Sasa akageuka kwa hesabu ya gudiwili, na hapa nataka uende pole pole, juu ndio roho ya haya mambo yote.

Kaduka kama hako, kakichanganya mkate wenye faida ya bob tano hivi na mafuta ya kupima yenye faida nzuri, kalikuwa kanaacha karibu bob 12 kwa kila soo moja ya mauzo. Mauzo ya thao 6 kwa siku yanaacha bob 720. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni 21,600. Toa renti thao 8 na stima 1,500, inabaki kama 12,100 mkononi. Hiyo ndio duka yenye imeshasimama.

Sasa chukulia angeanza chumba kingine tupu, mtaa huo huo, renti hiyo hiyo. Mwezi wa kwanza watu hawajui kama upo. Labda anauza thao 2 kwa siku. Mwezi wa pili 3,500, wa tatu 4,500, wa nne 5,500, na wa tano ndio anafika 6. Hizi ni makadirio yake, alizipata kwa kuuliza wasee watatu wenye wamefungua maduka hapo Pipe, na wote walisema karibu kitu kimoja. Ukipiga hesabu ya faida ile ile ya bob 12, mwezi wa kwanza anakosa 14,400 kulinganisha na duka ya mzae, wa pili 9,000, wa tatu 5,400, wa nne 1,800. Jumlisha. Inakuja 30,600.

Hiyo ndio gudiwili. Si 75. Ile miezi minne yenye mzae anamrukisha iko na bei, na bei yake ni kama thao 30. Akilipa zaidi ya hapo analipia miezi yenye angejifanyia mwenyewe bila shida. Na hata hiyo 30 ni kama wateja watabaki, na mteja wa duka ya mtaa mara nyingi ni mteja wa mtu. Anakuja juu mzae anamjua, anamkopesha, anajua mtoto wake anapenda biskuti gani. Mzae akitoka, wengine wanaweza hama siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo dem alifunga hiyo hatari ndani ya makubaliano. Gudiwili 30, nusu ikilipwa siku ya kuingia, nusu baada ya miezi miwili kama mauzo hayajaanguka chini ya thao 5 kwa siku. Mzae akae na yeye kwa kaunta wiki mbili za kwanza, awajulishe watu: huyu ni msichana wangu, sasa mtanunua kwake. Na mzae asifungue duka ingine eneo hilo kwa mwaka mmoja. Hii ya mwisho watu husahau, na inauma. Unalipia mtu gudiwili, anapumzika wiki tatu, halafu anafungua flati ya pili kutoka kwako na wateja wote wanamfuata. Waliandika yote kwa wakili wa hapo karibu, na namba za vitambulisho, mashahidi wawili, na tarehe, na sentensi moja ikisema madeni yote ya kabla ya hiyo tarehe ni ya mzae. Kenya kuna sheria ya kuhamisha biashara yenye inaweza kumbebesha mnunuzi madeni ya muuzaji kama uhamisho haukutangazwa rasmi, hata kama mmekubaliana vingine. Wakili alimwambia hivo waziwazi. Kwa kaduka watu wengi hawafiki kwa tangazo rasmi, kwa hivyo dawa yake ikawa ni kuzunguka mwenyewe. Alimuuliza jamaa wa mkate, wa maziwa, wa mayai na holseli ya mzae, kila mmoja, mzae anadaiwa ngapi, na deni zote zikalipwa kutoka kwa doo ya kununua kabla haijafika mfukoni mwa mzae.

Upande mwingine kulikuwa na kitabu, yani deni zenye wateja wanadaiwa na duka. Mzae alitaka kuziuza kama mali, thao 19 hivi kwa daftari. Dem akakataa, na naona alifanya poa sana. Deni ya mtaa inalipwa kwa sura ya mwenye alikopesha. Akiondoka, nusu ya hao watu watapitia barabara ingine. Alimwambia mzae azikusanye mwenyewe hizo wiki mbili akiwa kwa kaunta, zenye atapata ni zake. Lakini aliomba kitu kimoja: aruhusiwe kusoma kitabu. Na hapo alijifunza kuhusu duka kuliko mahali pengine popote. Aliona nani hununua nini, nani hulipa tarehe 5 bila kukumbushwa, na nani amekuwa na 1,400 tangu mwaka juzi.

Mambo ya M-Pesa aliyapitisha haraka. Pochi ya mzae iko kwa jina na laini ya mzae, doo ikiingia inaingia kwake. Haiuziki na duka, hata kama namba imechorwa kwa ukuta miaka mitano. Siku ya kwanza dem alibonyeza *334#, akafungua yake, akapaka ukuta upya. Na ukiambiwa duka ina M-Pesa ya wakala, hiyo pia imeandikishwa kwa jina la mwenye aliiomba, na floti ni pesa yake, si ya duka. Pamisi ya kanjo nayo akakata ya jina lake.

Usiku wa kuhesabu stoki ndio ulikuwa mrefu. Walifunga duka saa tatu, wakateremsha kila kitu kwa sakafu. Shelfu za duka yenye inauzwa hupangwa na akili: mstari wa mbele umejaa, nyuma ni hewa. Kwa kuteremsha kila kitu waliona ni pakiti ngapi za ukweli. Waliandika kwa bei ya kununulia holseli, si bei ya kuuza, na hii lazima mkubaliane mapema juu wauzaji wengi huhesabu na bei ya kuuza na hiyo faida ni yako bado hujaifanyia kazi. Walitoa kila kitu kimeekspaya ama kitaekspaya kabla ya mwezi kuisha. Juisi za pakiti zilikuwa nyingi, krimu za ngozi zenye zimekaa hadi vifuniko vimekuwa na vumbi ngumu, viungo vya nyama pakiti zimefifia rangi. Hizo ukinunua utazirithi na utazitupa.

Halafu kulikuwa na mabeli ya unga, yamepangwa mpaka juu. Unga haijaekspaya, iko sawa kabisa. Dem akazikataa karibu zote. Mzae akashangaa: "Lakini hii ni mali." Ni mali kweli, ila zile wiki kwa kaunta zilimwonyesha pakiti nzima ya kilo mbili watu wanachukua kwa ile holseli ya nyuma wakitoka mboka. Kwa mzae walikuwa wanakuja saa tatu na nusu usiku, holseli imefungwa, wanataka unga ya kupima, mafuta ya mbao, sukari robo, mayai mawili, kredo. Na asubuhi maziwa na mkate. Hiyo ndio biashara yenye ilikuwa imebaki na holseli haiwezi kuichukua, juu haiuzi ya kupima na haifungui usiku sana. Akabakisha beli mbili za kupima, mzae akaziuza zingine kwa jamaa wa hoteli.

Stoki ikaanguka kutoka 70 mpaka 44. Friji walikuta mpira wa mlango umechoka, inakula tokeni usiku kucha, kwa hivyo vyombo vyote wakamaliza 22. Ongeza gudiwili 30: jumla 96. Ukiweka renti na dipoziti, thao 16, na thao 10 yenye alitenga ya pamisi na rangi, ni 122.

Angeanza mwenyewe? Stoki hiyo hiyo 44. Fundi wa shelfu na grili 20, friji ya mtumba 18, mizani 3. Renti na dipoziti 16. Pamisi na rangi 10. Hiyo ni 111, na ile miezi minne ya kungoja iko na bei yake 30, kwa hivyo 141. Kununua kwa 122 kulishinda. Kununua kwa ile bei ya karatasi, ukiongeza renti na pamisi, ingekuwa 206, na hapo kuanza upya ingeshinda mbali sana. Duka ni ile ile, mtaa ni ule ule. Kitu ilibadilisha jibu ni zile wiki kwa kaunta na ule usiku wa kuhesabu.

Kuna mahali singepoteza hata siku moja nikitafuta duka ya kununua, na ni flati mpya. Landlodi amemaliza kujenga, vyumba vya chini viko wazi, watu wanahamia kila wikendi na magodoro kwa mkokoteni. Hapo hakuna mwenye ako na wateja wa kukuuzia. Miezi ya kungoja inakuwa mifupi, juu kila mwenye anahamia anatafuta duka usiku huo huo: balbu, kiberiti, sabuni, mkate wa kesho. Angalia flati jioni uhesabu madirisha yenye yana taa, angalia kamba za nguo kwa paa. Zikifika nusu ya nyumba zote, ingia. Ukingoja zijae, mwingine ameingia. Na anza na stoki ndogo ya vitu vinaisha kila siku, si krimu wala juisi: mkate, maziwa, mayai, sukari, mafuta ya jerikan ya lita 20 na ya kupima, sabuni, kredo, na nafaka za Nyamakima zikigawanywa kilo kilo. Hapo usiweke hata thao 50 kwa shelfu mwezi wa kwanza. Watu wenyewe watakuambia wanataka nini kwa kuuliza kitu na kukosa, na we andika kila kitu chenye wameuliza.

Yule dem naye alimlipa mzae ile nusu ya gudiwili iliyobaki miezi miwili ikiisha. Mauzo yalikuwa yamecheza 5,400 hivi, juu kidogo ya mpaka wao. Mzae alikuja kutoka ocha kuichukua, akakaa kwa kaunta saa moja hivi, na watu wawili kwa kile kitabu wakapita wakamlipa deni zao hapo hapo. Sa hii duka inafungwa saa nne na nusu usiku, na mafuta ya kupima ndio inaongoza.